Kusoma Sarafu Iliyochimbuliwa Ardhini: Madini, Sura na Maandishi

Mada: Vyanzo vya historia – mabaki ya kale

Baada ya kusoma somo hili, utaweza:
(a) kutambua madini ya sarafu iliyokaa ardhini bila kuiharibu;
(b) kutumia sura, alama na maandishi kumtambua mtawala na kipindi chake;
(c) kueleza tofauti kati ya mwaka ulioandikwa kwenye sarafu na wakati sarafu ilipofukiwa.

Utangulizi

Anayechimba msingi wa nyumba, shimo la choo au mtaro wa maji katika mji wa Mpanda anaweza kukutana na kipande cha duara chenye kutu ya kijani. Kikisafishwa kwa uangalifu huonekana taji, herufi mbili tatu na pengine tundu katikati. Hiyo ni sarafu, nayo ni chanzo cha historia kama ulivyo mkuki, chungu au barua ya kikoloni. Tofauti ni kwamba sarafu ilitengenezwa na serikali ikitaka isomwe, kwa hiyo mara nyingi inataja yenyewe nani aliitoa na lini.

Kumbuka maneno mawili unayoyatumia kila siku. "Hela" limetokana na heller, sarafu ndogo ya Wajerumani katika Afrika Mashariki. "Pesa" limetokana na paisa, sarafu ndogo ya shaba ya Bara Hindi iliyotumika pwani yetu. Sarafu hizo zilitoweka mifukoni, lakini majina yalibaki midomoni na baadhi ya vipande vilibaki udongoni.

Ni sarafu zipi unaweza kuzitarajia Katavi? Kabla ya ukoloni misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Tabora ikielekea Ujiji na Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, malipo mengi ya bara wakati huo yalifanyika kwa vitambaa, shanga na waya wa madini, hivyo sarafu za enzi hiyo ni chache. Zilianza kuenea vijijini baada ya Wajerumani kuweka kodi ya nyumba mwaka 1898, kwa sababu mwenye nyumba alilazimika kutafuta fedha ya kulipia. Ndiyo maana sarafu nyingi utakazokutana nazo huku ni za Wajerumani au za Waingereza.

Kabla ya kusoma: usisugue

Kosa kubwa hufanyika katika dakika kumi za kwanza. Aliyeokota sarafu hutaka ing'ae, akaisugua kwa jivu, mchanga, ndimu au siki. Asidi ya ndimu na siki huyeyusha kutu ya kijani, lakini kwenye sarafu iliyokaa ardhini miaka mingi, mistari ya herufi imebaki ndani ya tabaka hilo hilo la kutu. Tabaka likiondoka, herufi huondoka nalo, na unabaki na kipande kinachong'aa kisichosema lolote.

Njia salama ni hii. Andika kwanza sarafu ilipopatikana: mahali, kina cha shimo, na vitu vilivyokuwa pamoja nayo, kama vigae, mkaa au kopo. Kisha iloweke katika maji safi, ikiwezekana maji yaliyotoneshwa ya maabara, na kuyabadilisha kila siku hadi udongo ulainike. Ondoa udongo kwa kijiti laini cha mti, si kwa pini wala kisu. Ikaushe kivulini. Ingia chumba chenye giza kidogo na umulike sarafu kwa tochi kutoka ubavuni, mwanga ukilala karibu usawa na uso wake. Herufi zilizochakaa hutupa vivuli vidogo, na jina lisiloonekana mchana huanza kusomeka. Igeuze taratibu mbele ya mwanga, maana herufi moja huonekana upande huu na nyingine upande ule.

Hatua ya kwanza: madini

Rangi ya kutu ndiyo kidokezo cha kwanza. Shaba, na shaba iliyochanganywa na bati, hugeuka kijani au kahawia iliyoiva. Shaba iliyochanganywa na zinki ina rangi ya manjano inayojitokeza pale ilipokwaruzika. Fedha safi hugeuka nyeusi. Mchanganyiko wa shaba na nikeli hubaki wa kijivu, wakati mwingine na madoa ya kijani. Dhahabu haishiki kutu. Ikiwa sarafu inanata kwenye sumaku, huenda ndani yake kuna chuma: weka pembeni wazo la sarafu ya kale, kwa sababu chuma kilichofunikwa kwa nikeli hutumika katika sarafu zetu za miaka ya karibuni.

Kuwa mwangalifu na fedha hafifu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa shaba. Ikikaa ardhini, shaba hutoka nje na kuifanya ya kijani, na mtahiniwa hudhani ni sarafu ya shaba. Ukiona kijani, usiandike "shaba" kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe unakijua kutoka somo la fizikia: densiti. Pima tungamo la sarafu kwenye mizani ya maabara. Kisha weka bika la maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri, na uitumbukize sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa kuta wala kitako cha bika. Gramu zinazoonekana sasa ni sawa na ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo, kwa sababu gramu moja ya maji ina ujazo wa sentimita moja ya ujazo.

Mfano: Sarafu nyeusi, inayodhaniwa kuwa rupia ya Wajerumani, ina tungamo la gramu 11.5. Ikining'inia majini, mizani inasoma gramu 1.12.

Densiti = 11.5 ÷ 1.12 = 10.3 (kwa kukaribisha), katika gramu kwa sentimita ya ujazo.

Fedha safi ina densiti ya 10.5, na shaba 8.96. Rupia ya Wajerumani ilitengenezwa kwa fedha ya asilimia 91.7 na shaba kidogo, hivyo 10.3 ndiyo inayotarajiwa. Ikiwa ipya ilikuwa na gramu 11.66, upungufu mdogo ni uchakavu wa kupita mikononi. Kama kipande cha tungamo hilo hilo kingekuwa cha shaba na nikeli, mizani ingesoma karibu 1.29 na densiti ingekuwa 8.9. Hapo ungeshuku kuwa ni ya bandia, hata kama sura iliyo juu yake inafanana.

Kipimo hiki kina mpaka. Kutu nene na udongo ulioganda hupunguza densiti, na viputo vya hewa vilivyoshika kwenye sarafu huongeza usomaji wa ujazo. Rudia mara tatu, ukitikisa uzi kidogo ili viputo vitoke.

Hatua ya pili: sura na alama

Sura ya mtu hukupeleka haraka kwa mtawala, ukijua la kutazama. Kwenye sarafu iliyochakaa usitafute uso mzima. Tafuta kitu kimoja kinachomtofautisha mtawala na wenzake.

Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, aliyetawala 1888 hadi 1918, huonekana kwenye rupia akiwa amevaa sare ya kijeshi na kofia ya chuma yenye tai kileleni. Hata pua na macho yakifutika, tai juu ya kofia hubaki kama kinundu. Mfalme George wa Tano wa Uingereza, aliyetawala 1910 hadi 1936, amevaa taji na ana ndevu. Mwanawe George wa Sita, aliyetawala 1936 hadi 1952, naye amevaa taji, lakini kidevu chake ni kitupu. Kwa hiyo kwenye shilingi yenye simba, swali la kwanza ni fupi: mfalme ana ndevu au hana? Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kazi, zina sura ya Mwalimu Julius Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA.

Sarafu nyingi ndogo hazina sura kabisa, na kukosekana kwa sura nako ni ushahidi. Senti moja, senti tano na senti kumi za Waingereza zilikuwa na tundu katikati, hivyo kichwa cha mfalme hakikuwa na pa kukaa. Badala yake ziliwekwa taji na jina lake upande mmoja, na pembe za ndovu upande wa pili. Heller kumi ya Wajerumani ya 1908 hadi 1914 nayo ina tundu na taji. Basi usitofautishe mkoloni kwa tundu. Tofautisha kwa madini na maandishi: ile ya Wajerumani ni ya kijivu, ya shaba na nikeli, na hii ya Waingereza ni ya shaba na bati.

Sarafu za masultani wa Kiislamu za pwani pia hazina sura ya mtu. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu za shaba zenye jina la sultani kwa Kiarabu upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakipangwa ili pande mbili ziwe na vina. Hazikuandikwa mwaka. Je, wanahistoria wanajuaje umri wake? Wanachukua jina, kwa mfano al-Hasan bin Sulaiman, na kulilinganisha na vyanzo vingine. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani mwenye jina hilo akitawala. Jina lililo kwenye shaba na jina lililo katika habari za msafiri yanapokutana, sarafu isiyo na mwaka inapata kipindi. Huo ni mfano mzuri wa kueleza katika mtihani jinsi mabaki ya kale na maandishi yanavyosaidiana.

Angalizo: sura iliyo kwenye sarafu si lazima iwe ya mtawala wa mahali ilipopatikana. Reale kubwa ya fedha yenye sura ya mama aliyevaa ushungi, na tai mwenye vichwa viwili upande wa nyuma, ni ya Maria Theresa wa Austria. Alifariki mwaka 1780, na Austria haikuwahi kutawala hapa. Wafanyabiashara waliiamini fedha yake, ndipo ikaendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya kifo chake ikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Sarafu hiyo inathibitisha biashara, haithibitishi utawala. Aliyeandika kuwa "ilifukiwa mwaka 1780" amekosa mara mbili.

Hatua ya tatu: maandishi

Maandishi ndiyo yanayofunga hoja. Soma vitu vitatu: jina, cheo na mwaka, halafu tafuta herufi ndogo ya kiwanda.

Majina ya wafalme wa Uingereza yaliandikwa kwa Kilatini, ambamo herufi V inaweza kusimama badala ya U. GEORGIVS ni George. EDWARDVS ni Edward. REX ni mfalme. Kifupisho IND:IMP: maana yake ni kaizari wa India. Kwa mwanafunzi wa historia, kifupisho hicho ni saa. India ilipata uhuru mwaka 1947, na mfalme hakuweza kuendelea kujiita mtawala wake. Sarafu za Afrika Mashariki za George wa Sita zilizotolewa kuanzia 1937 zinasoma GEORGIVS VI REX ET IND:IMP:, lakini zile zilizotolewa kuanzia 1948 zinasoma GEORGIVS SEXTVS REX pekee. Hivyo hata mwaka ukiwa umefutika wote, neno SEXTVS bila IND:IMP: linakuambia kuwa sarafu ni ya 1948 hadi 1952.

Sarafu za Wajerumani nazo zina mgawanyiko wake. Mwanzoni zilitolewa na kampuni, si serikali, nazo zina maneno DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Serikali ilipochukua jukumu hilo, kuanzia 1904 maneno yakawa DEUTSCH OSTAFRIKA tu, na rupia ikagawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64. Sarafu ikisoma GESELLSCHAFT, ni ya kabla ya 1904. Ikitaja heller, ni ya 1904 au baadaye.

Herufi ya kiwanda ni ndogo, lakini inaweza kusimulia vita nzima. A ni Berlin na J ni Hamburg. T ni Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Waingereza zilizuia meli kufika pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu zao Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba iliyochanganywa na zinki, nyingine za shaba, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye ndovu. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi hiyo ikakoma. Ukikuta sarafu ya manjano yenye T na 1916, umepata kitu kilichotengenezwa ndani ya miezi michache inayojulikana, si mbali na Mpanda.

Mwaka wa Hijria

Pesa za shaba za Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar, aliyetawala 1870 hadi 1888, zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja na mizani upande wa pili, na mwaka ١٢٩٩, yaani 1299. Tarakimu hizi husomwa kutoka kushoto kwenda kulia kama zetu. Mwaka wa Hijria hufuata mwezi, ni mfupi kuliko wa jua, hivyo huwezi kujumlisha 622 peke yake. Toa kwanza asilimia tatu:

1299 – (1299 × 3 ÷ 100) + 622 = 1299 – 39 + 622 = 1882.

Jibu linaweza kupishana kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria huangukia katika miaka miwili ya kawaida. Mwaka 1299 ulianza Novemba 1881.

Pesa ya kampuni ya Kijerumani ya 1890 hadi 1892 pia ni ya shaba na ina Kiarabu upande mmoja, na huchanganywa na ile ya Barghash. Igeuze. Ukiona tai, ni ya Wajerumani; ukiona mizani, ni ya Sultani.

Mfano uliofanyiwa kazi

Chukulia kwamba wanafunzi wanachimba shimo la takataka pembezoni mwa mji wa Mpanda. Kwenye kina cha sentimita 60 wanakuta kopo lililooza lenye sarafu tano. Zimesafishwa kama tulivyoeleza na kuonekana hivi:

1. Nyeusi, densiti 10.3. Kinundu juu ya kofia. Nyuma: "…SCH OSTAFR…" na "1 RUPIE". Mwaka haupo.
2. Ya manjano. Taji, "20 HELLER", chini yake T, mwaka 1916.
3. Ya kijani, densiti 9.1. Mfalme mwenye ndevu; nyuma simba. Mwaka haupo.
4. Ya kijani, ina tundu. "EDWARDVS VIII…". Mwaka 1936.
5. Ya kijani, ina tundu. "GEORGIVS SEXT…". Baada ya jina kuna REX peke yake. Mwaka haupo.

Tuanze na ya kwanza. Fedha nzuri na kofia yenye tai vinatupa Wilhelm wa Pili. Neno OSTAFRIKA lisilofuatiwa na GESELLSCHAFT linaiweka 1904 au baadaye. Rupia za aina hii zilitengenezwa hadi 1914. Jibu: 1904 hadi 1914.

Ya pili inajieleza: Tabora, 1916.

Ya tatu ina kijani, lakini densiti iko juu kidogo ya ile ya shaba, na simba ni alama ya shilingi. Ni fedha hafifu. Ndevu zinamtaja George wa Tano, na shilingi ilianza 1921. Jibu: 1921 hadi 1936.

Ya nne inashangaza. Edward wa Nane alitawala kwa chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 bila kutawazwa. Lakini sarafu za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuhitaji sura yake, jina tu lilitosha, nazo zilitolewa. Usikatae ushahidi kwa sababu mtawala alikaa muda mfupi.

Ya tano ina SEXTVS bila IND:IMP:. Ni ya miaka ya baada ya India kujitawala. Jibu: si kabla ya 1948, wala si baada ya 1952.

Sasa swali la mtihani: kopo lilifukiwa lini? Watahiniwa wengi huchukua sarafu ya zamani zaidi na kuandika "wakati wa Wajerumani". Hilo haliwezekani. Mtu hawezi kufukia sarafu ambayo haijatengenezwa, kwa hiyo sarafu changa kuliko zote ndiyo inayoamua. Kopo halikufukiwa kabla ya 1948. Huo ni mwanzo wa kipindi, si mwisho; lingeweza kufukiwa hata 1960, kwa kuwa sarafu hukaa mfukoni au kibindoni miaka mingi.

Hapa historia ya mahali inasaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 tawi la reli lilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, na reli na mgodi vilileta vibarua na mishahara. Kopo la wakati huo, lenye senti za mshahara, linaingia vizuri katika mazingira hayo. Lakini liandike kama jambo linalowezekana, si kama jambo lililothibitishwa. Sarafu zimetupa kipindi, hazikutupa jina la aliyezifukia.

Na rupia ya Wajerumani ilifanya nini humo, wakati Waingereza walikwisha kuiondoa na kuleta shilingi? Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba ilihifadhiwa kwa thamani ya fedha iliyomo. Maelezo hayo hayafai kwa heller 20 ya Tabora, ambayo madini yake hayana thamani kubwa. Pengine hiyo ilitunzwa kama kumbukumbu. Mtahini hupenda kuona umetofautisha hivyo, sarafu moja moja.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inamtaka aliyegundua mabaki ya kale atoe taarifa kwa mamlaka. Kwa mwanafunzi, njia rahisi ni kumjulisha mwalimu na ofisa utamaduni wa halmashauri. Kuuza sarafu barabarani hukata uzi unaoiunganisha na mahali ilipotoka. Sarafu ya tano katika mfano wetu, ikiwa peke yake mezani, haina zaidi ya kutuambia mfalme na kipindi ilipotolewa. Ndani ya kopo ndiyo iliyoonyesha kuwa zote hazikufukiwa kabla ya 1948.

Makosa yanayopoteza alama

• Kuandika mwaka wa sarafu kama mwaka wa kufukiwa.
• Kudhani mtawala aliye kwenye sarafu alitawala mahali ilipopatikana. Taja mfano wa Maria Theresa.
• Kuamua madini kwa rangi ya kutu peke yake.
• Kujumlisha 622 kwenye mwaka wa Hijria bila kutoa asilimia tatu.
• Kutaja hitimisho bila kueleza alama iliyokufikisha hapo.

Maswali ya kujipima

1. Sarafu ya shaba ina maandishi ya Kiarabu na mwaka ١٣٠٧ upande mmoja, na tai upande wa pili. Taja aliyeitoa na ubadilishe mwaka wake.
2. Sarafu ya kijivu yenye tundu na taji inasoma "10 HELLER". Ni ya kipindi gani, na utaitofautishaje na senti kumi ya Waingereza?
3. Chungu kina rupia ya 1891, heller ya 1906 na senti tano inayosoma GEORGIVS VI REX ET IND:IMP:. Kilifukiwa si kabla ya mwaka gani? Toa sababu.
4. Eleza jinsi sarafu ya Kilwa isiyo na mwaka inavyoweza kupewa kipindi.

Majibu

1. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. 1307 – 39 + 622 = 1890.
2. 1908 hadi 1914, utawala wa Wajerumani. Ni ya shaba na nikeli na ina neno HELLER. Ya Waingereza ni ya shaba na bati, ina jina la mfalme na pembe za ndovu.
3. Si kabla ya 1937, kwa sababu sarafu changa kuliko zote ni ya George wa Sita, na za kwake zilianza mwaka huo. Sarafu za zamani zaidi ziliendelea tu kutunzwa.
4. Jina la sultani husomwa kwenye sarafu, kisha hulinganishwa na vyanzo vya maandishi, kama habari za Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331.